Hotuba ya Kufungua Mafunzo ya Watumishi, Katumba Songwe

Ndugu Washiriki,

Mafunzo haya ya siku tatu yanawakutanisha wakuu wa idara, watendaji wa vijiji, makarani na wahudumu. Mwezeshaji aliyeketi mbele yenu si mtumishi wa Halmashauri. Hampandishi mtu cheo wala hamwandikii tathmini. Kazi yake ni kuongoza mazungumzo na kutunza muda, na hata mimi akininyamazisha nitanyamaza.

Kanuni ninayoisisitiza ni moja: mkuu husema mwisho. Tuseme mmeulizwa ni nini huweza kuchelewesha taarifa ya kujaa kwa Mto Songwe isifike wilayani mapema. Mkuu wa idara akitangulia kuitaja barabara, mtendaji wa kijiji anayejua kwamba taarifa hulala mezani ikingoja sahihi hatathubutu kumpinga. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa, na adabu hiyo sina nia ya kuiondoa. Kwa hiyo kila mmoja ataandika jibu lake kwenye kadi, bila jina, kwa herufi kubwa na kalamu za rangi moja. Mwezeshaji atazichanganya kadi na kuzisoma zote, ndipo mjadala uanze. Majibu yakifanana mno, ni dalili kwamba hofu ingalipo. Hapo atawaweka wakuu katika kundi lao peke yao.

Hoja zitaandikwa, msemaji hatatajwa. Hata hivyo, siri hiyo haitafunika wizi wa mali ya umma.

Sasa namkaribisha Mwezeshaji agawe kadi.