Mama wa Iramba na Chupa ya Vitamini

Wasikilizaji wetu, leo twawasimulia hadithi ya mama mmoja kijana wa Iramba, katika mkoa wa Singida. Mwanawe wa kwanza, mwenye miezi 14, alikuwa mnyonge, na mstari wa uzito katika kadi yake ulikuwa umelala miezi 2 bila kupanda. Mnadani mchuuzi akamwonyesha chupa ya vitamini kutoka ng'ambo, bei yake shilingi 30,000. Mama hakuwa na kitu cha kuuza ila kuku wake wawili watagao.

Akawafunga miguu, akashika njia. Lakini akapita kwanza zahanati kumpima mtoto. Muuguzi akauzungusha utepe mkononi mwa mtoto, akasoma sentimeta 12.8, chini ya 12.5 ndipo rangi ya njano huanza.

"Mwanangu, humpa chakula gani?"

"Namnyonyesha, mama, na uji wa uwele asubuhi, mchana na jioni."

"Mzito au mwepesi?"

"Mwepesi, apate kuunywa upesi."

"Basi! Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Na matone ya chupa ile hayanenepeshi mtu. Vitamini A amekwisha pewa hapa bure, nasi huwapa watoto kila miezi 6. Kuizidisha ovyo huweza kumdhuru."

"Je, vitamini ni uongo?"

"Si uongo. Mtoto aliyepungukiwa damu hupewa dawa yenye madini ya chuma, lakini baada ya kupimwa. Na utepe ukifika wekundu, chini ya 11.5, au miguu ikivimba, usingoje jiko lako. Mlete siku hiyo hiyo."

Mama akarudi na kuku wake. Uji akaupika mzito, usiomiminika upesi kijikoni, akautia karanga zilizokaangwa na kusagwa laini kabisa, kwa kuwa karanga nzima humpalia mtoto. Zenye ukungu akazitupa, ijapokuwa mama mkwe alinung'unika. Mchana alimpa ugali laini kwa majani ya kunde yaliyopondwa, pamoja na kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti. Mafuta hayo, ambayo Singida haiyakosi, huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo katika majani. Kuku walipotaga, yai moja lilikuwa la mtoto, likiiva sawasawa. Matunda yalipoadimika, alimkorogea unga wa ubuyu. Wala hakuacha kumnyonyesha.

Juma la kwanza mtoto alitema majani. Mama hakumlazimisha, alimwekea tena kesho yake, kidogo kidogo, hata akazoea.

Mwezi uliofuata mstari ulipanda, si sana, kiasi cha upana wa kalamu. Siku ya mnada mchuuzi akamwita tena. Mama akampungia mkono, akaenda kununua kibaba cha karanga kwa fedha ya mayai.