Milioni kumi zilizoondoka kimyakimya: somo la bweni la kata yetu

(Haya ndiyo niliyoyazungumza kwenye kikao cha vijana cha Jumamosi. Wengi mliniomba niyaweke kwa maandishi, nimeyapunguza kidogo tu.)

 

Nimepewa dakika 20 nizungumzie mikataba ya ujenzi ya halmashauri. Mimi bado mwanafunzi wa sheria, sijawa wakili, kwa hiyo sitawasomea vifungu. Nitawaeleza habari ya jengo moja tu, bweni la wasichana la shule ya sekondari ya kata tunakotoka sisi. Halmashauri sitaitaja, na tarakimu nimezizungusha ili hesabu iwe nyepesi. Mambo yenyewe ndivyo yalivyokuwa.

Lile bweni lilijengwa kwa mkataba wa shilingi milioni 200. Leo ukiingia, nusu ya sakafu imepasuka na kuachana. Wasichana wamehamishia vitanda upande mmoja, wanalala wawili wawili. Halmashauri inasema inatafuta fedha za kukarabati. Wakati huohuo kulikuwa na milioni 10 za mkandarasi zilizokuwa mkononi mwa halmashauri kwa ajili ya tatizo hilohilo, na zikalipwa zote. Zilitokaje? Hapo ndipo pa kuanzia.

Mkandarasi halipwi kwa mkupuo. Akifanya kazi ya mwezi mmoja au miwili analeta dai. Msimamizi wa mradi, ambaye mara nyingi ni mhandisi wa halmashauri, anakwenda eneo la kazi na futi kamba, anapima kilichofanyika, anazidisha na bei zilizo kwenye orodha ya kazi na bei iliyomo ndani ya mkataba. Jumla anaiandika kwenye hati ya malipo na kuisaini. Hati ikishasainiwa, mkurugenzi anaidhinisha na mweka hazina analipa. Kwa hiyo ukisikia "setifiketi namba mbili imelipwa", maana yake mtu fulani ametia saini kwamba kazi ya thamani hiyo aliiona kwa macho yake na akaipima.

Sasa, kwenye kila hati halmashauri inakata kiasi na kukishikilia. Mkataba wetu ulisema asilimia 10. Hizo ndizo fedha za matazamio. Hati ya kwanza ilikuwa milioni 60, ikakatwa 6. Ya pili milioni 80, ikakatwa 8. Ya tatu milioni 60, ikakatwa 6. Jumla milioni 20 za mkandarasi zimebaki halmashauri. Kazi ikikamilika anarudishiwa nusu, milioni 10. Nusu ya pili inabaki mpaka kipindi cha matazamio kiishe, na kwetu kilikuwa miezi 12. Ndani ya miezi hiyo, kasoro yoyote inayotokana na kazi yake anarudi kuirekebisha kwa gharama yake mwenyewe. Asiporudi, msimamizi anakadiria gharama ya kurekebisha na mkandarasi ndiye anayedaiwa, na fedha ya kuanzia ni ile iliyozuiwa.

Mmeona mantiki yake? Mkandarasi akishaondoa mashine ya kuchanganyia zege, akachukua mafundi wake, huna tena cha kumshikia isipokuwa hiyo fedha.

Turudi kwenye sakafu. Hati ya tatu ilisainiwa tarehe 27 Juni. Tarehe hiyo iangalieni vizuri. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na kila anayefanya kazi halmashauri anajua hofu ya fedha kurudi Hazina. Siku zile za mwisho kila mtu anataka malipo yatoke. Hati ile ilisema sakafu yote, mita za mraba 240, imekamilika, kwa bei ya shilingi 35,000 kwa mita. Lakini kitabu cha kumbukumbu za eneo la ujenzi, kile anachojaza msimamizi wa zamu kila siku, kilionyesha kwamba mpaka tarehe hiyo zilikuwa zimemwagwa mita 100 tu. Mita 140 zilimwagwa Julai.

Yaani mita 140 mara shilingi 35,000, milioni 4 na laki 9, zililipwa kwa sakafu ambayo haikuwepo. Utoe ile asilimia 10, mkononi alipokea milioni 4 na laki 4 na kidogo.

Mtu atasema, si ilijengwa mwezi uliofuata, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba mkandarasi ambaye ameshalipwa hana sababu ya kukaa. Zege linataka kumwagiliwa maji angalau siku saba ili likomae. Zile mita 140 zilimwagwa kwa siku mbili, mafundi wakaondoka. Mjomba wangu alikuwa kwenye kamati ya ujenzi ya shule, anasema hakuona mtu akimwagilia. Na mnapajua Julai kwetu, jua na upepo. Zege likikauka juu kabla halijapata nguvu ndani, litapasuka. Leo mipasuko mikubwa yote iko upande ule wa Julai, ule wa kwanza umesimama vizuri. Jengo lenyewe linatoa ushahidi.

Na kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka niliposoma mkataba. Kosa la hati ya malipo linarekebishika. Masharti ya kawaida ya mikataba hii yanamruhusu msimamizi, akipata taarifa mpya, kupunguza au kuondoa kwenye hati inayofuata kitu alichokubali kwenye hati ya nyuma. Kwetu baada ya hati ya tatu hapakuwa na hati nyingine ya kazi, ila ilibaki nusu ya fedha za matazamio. Tulikuwa bado na nafasi.

Nafasi hiyo tuliipoteza hivi.

Hati ya kukamilika kwa kazi ilitolewa tarehe 14 Agosti. Uzinduzi ulifanyika Oktoba, na utepe, ngoma na pilau. Mipasuko ilianza kuonekana Machi. Mwalimu mkuu akampigia simu mhandisi. Mhandisi alikuja, akaangalia, akasema, "Sawa mama, tutamwambia mkandarasi." Mama wa watu akaridhika. Kamati nayo ikasubiri. Watu wote walihesabu mwaka mmoja kuanzia uzinduzi, kwa hiyo walijua wana muda mpaka Oktoba. Mjomba alipeleka barua tarehe 2 Septemba.

Kipindi kilikuwa kimeisha Agosti 14. Saa inaanza kutembea siku iliyoandikwa kwenye hati ya kukamilika. Siku ya kukata utepe haimo kwenye mkataba. Mhandisi alikuwa ameshasaini kwamba hakuna kasoro iliyosalia, na milioni 10 zimekwenda.

Nilipokwenda na mjomba kuomba kuona jalada, niliuliza, "Notisi ya kasoro iko wapi?" Haikuwepo. Ile simu ya Machi haikuacha hata mstari mmoja. Na kwenye mikataba hii mawasiliano kati ya pande mbili yanahesabika yakiwa kwa maandishi. "Tutamwambia mkandarasi" si notisi.

Kinachouma ni hiki. Kama Machi ileile msimamizi angeandika karatasi moja, "sakafu ya upande wa mashariki imepasuka, rekebisha ndani ya siku 21", mambo yangegeuka. Masharti yanasema kipindi cha matazamio kinarefuka kwa kadiri kasoro zilizotolewa notisi zinavyobaki bila kurekebishwa. Agosti 14 isingekuwa mwisho. Kubomoa na kumwaga upya zile mita 140, fundi tuliyemuuliza alikadiria kama milioni 7. Milioni 10 zingetosha, na chenji ingebaki.

Niwe mkweli pia. Kuisha kwa kipindi hakumfungii mkandarasi mlango wa kudaiwa kabisa. Halmashauri inaweza bado kumshtaki kwa kuvunja mkataba. Lakini kesi ina mawakili, mashahidi wa kitaalamu na miaka. Mwenye fedha mkononi hahitaji kwenda mahakamani kuitafuta.

Na si kila kitu ni kasoro. Mlango uliong'olewa na wanafunzi wakikimbilia chakula, hiyo ni juu ya shule. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Kasoro ni kazi isiyolingana na mkataba. Ukilalamikia kila kitu, mhandisi atapata sababu ya kutupilia mbali barua yako yote.

Kwa hiyo nawaomba nini? Kila tawi lichague jengo moja la umma lililokamilika ndani ya miezi 12 iliyopita, zahanati, madarasa, soko, chochote kilichojengwa na mkandarasi. Yale yaliyojengwa na mafundi wenyeji chini ya kamati yana utaratibu mwingine, kwa leo yaacheni. Ombeni kwa maandishi tarehe ya hati ya kukamilika na urefu wa kipindi cha matazamio. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, huhitaji kuwa diwani. Tarehe mkiipata, iandikeni ukutani ofisini kwa tawi.

Kisha ingieni jengoni mvua ikinyesha, maana paa huonekana siku hiyo. Pigeni picha zenye tarehe, pimeni eneo lililoharibika, andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mhandisi, mtendaji wa kata na diwani. Gongesheni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Barua yenu peke yake haimfungi mkandarasi, kwa kuwa ninyi si upande wa mkataba. Kazi yake ni kumnyima msimamizi nafasi ya kusema hakujua. Kwa hiyo sentensi ya mwisho iwe hii: "Tunaomba mtoe notisi ya kasoro kwa mkandarasi kabla ya tarehe fulani, na mtupatie nakala." Msisahau tarehe.

Kijana mmoja aliniuliza pale mwisho, "Dada, na wakituambia tunaleta siasa?" Nikamjibu, barua yetu ina mita za mraba, picha na tarehe. Wajibu hizo kwanza.

Bweni letu limeshapita. Ila nyuma yake, kwenye kiwanja hichohicho, kuna maabara ya sayansi iliyokabidhiwa Februari. Mjomba ameshaandika tarehe yake kwa chaki mlangoni mwake. Wiki ijayo naenda kushika futi kamba upande mmoja, yeye ashike mwingine.