"Acha" na "Usianze": Makatazo ya Kiyunani katika Sura ya Sita ya Mathayo



Wengi wetu tuliojifunza Kiyunani cha Agano Jipya tulikaririshwa kanuni ambayo sarufi ya Moulton ya mwaka 1906 iliieneza sana, ya kwamba neno "me" likifuatwa na amri ya wakati uliopo maana yake ni "acha unalolitenda", na likifuatwa na kitenzi tegemezi cha aoristo maana yake ni "usianze". Kanuni hiyo niliifundisha kwa miaka, hata siku moja mwanafunzi akaniuliza juu ya Mathayo sita, nikakosa jawabu.

Katika aya ya 25 Bwana Yesu asema "me merimnate", wakati uliopo. Katika aya ya 31 na ya 34 asema "me merimnesete", aoristo. Kitenzi ni kile kile, kusumbuka moyoni, na wasikilizaji ni wale wale, wameketi pale pale. Tukiishika kanuni, yatupasa kuamini kwamba watu walioambiwa waache kusumbuka, muda mfupi baadaye wahesabiwa kuwa hawajaanza.

Luka 10:4 yazidi kutubana, maana wajumbe wanaotumwa na Bwana hata safari hawajaishika, nao wakatazwa kuchukua mfuko kwa wakati uliopo, "me bastazete", na katika aya iyo hiyo wakatazwa kuamkia watu njiani kwa aoristo.

Hapa Kampala twaweza kupata nuru bila kuvuka bahari. Mganda hupambanua "tolya", usile, na "tolyanga", katazo la mwenendo wa siku zote. Mama amwambiaye mwanawe "tobbanga", usiwe mwenye kuiba, hamtuhumu wizi wowote. Amwekea mpaka wa maisha. Sisemi kwamba "-nga" ni wakati uliopo wa Kiyunani kwa jina jingine, lakini yatuonyesha kwamba katazo la mwenendo halihitaji kosa lililokwisha kuanza. Wakati uliopo hulitazama tendo likiendelea au likirudiwa; aoristo hulishika lote kwa mara moja, kama kitu kimoja.

Na ile maana ya "acha" yatoka wapi, basi? Yatoka katika tukio lenyewe. Mjane wa Naini aambiwa "me klaie" katika Luka 7:13, nasi twafahamu kuwa ni "acha kulia" kwa sababu analifuata jeneza la mwanawe wa pekee. Hata "usilie" yetu, tukimwambia mfiwa, huwa na maana iyo hiyo, ingawa kitenzi chenyewe hakisemi.

Nikirudi kwa Mathayo, naona aya ya 25 yagusa mwenendo mzima wa nafsi na mwili, hali aya ya 31 yalikusanya sumbuko katika maswali matatu yanayotamkwa kwa kinywa, tule nini, tunywe nini, tuvae nini, na aya ya 34 yaliweka juu ya siku moja tu, kesho.