Mwaka Uanzie Machi: Kugawa Lengo la Mfanyabiashara wa Dagaa Nchelenge



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuligawa lengo la mwaka lisije likasahaulika njiani. Nitachukua mfano wa kutunga wa mama mmoja anayenunua dagaa wabichi, chisense, hapa Kashikishi, akawakausha na kuwauza. Lengo lake ni kutenga kwacha 6,000 kabla ziwa halijafunguliwa kwa uvuvi Machi mosi: 2,000 za kujengea vichanja vinne, aache kuanika mchangani, na 4,000 za kununulia samaki bila kukopa kwa wenye mitumbwi.

Wengi wangegawa 6,000 kwa miezi 12 na kuandika 500 kila mwezi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini mpango wenyewe haufai. Sheria ya Zambia hufunga uvuvi hapa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Anayeanza mwaka wake Januari anaanza akiwa hana kipato, na ifikapo Machi lengo limeshamchosha. Kwa hiyo namshauri aanze Machi mosi. Hapo robo ya nne, Desemba hadi Februari, inaangukia kipindi kilekile cha kufungwa kwa ziwa, na robo tatu za kwanza zinabaki za kuchuma.

Hata hizo tatu hazilingani. Machi na Aprili mvua bado zipo. Dagaa wasipokauka vizuri huoza au hushuka bei. Katikati ya mwaka jua lipo, ila upepo wa kusini mashariki huchafua ziwa na kuna siku mitumbwi haitoki. Kwa hiyo apange 1,200 kwa Machi hadi Mei, 1,800 kwa Juni hadi Agosti, na 3,000 kwa Septemba hadi Novemba. Robo ya nne haina kiasi cha kuweka. Kazi yake ni kulinda kilichopo na kusimamisha vichanja.

Kila robo ipewe swali moja. Ya kwanza: hasara ya mvua inatoka wapi? Ya pili: siku ambazo ziwa halikutoa samaki, nilitumia akiba au nilikuwa na shughuli nyingine? Ya tatu: zamu yangu ya chilimba inaangukia lini? Hili la chilimba lina uzito wake. Zamu ikimfikia Mei, pesa zinapita mkononi na kuisha. Ikimfikia Novemba, zinaingia moja kwa moja kwenye mtaji wa Machi. Aombe kubadilishana zamu mapema, kabla kila mtu hajaanza kuitaka Novemba.

Ndani ya swali la robo, kila mwezi uwe na swali lake dogo, nalo sishauri liulizwe tarehe mosi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, na kazi hupungua. Siku hizo ndizo za kukaa na daftari. Swali liulizie jambo lililotendeka. Katika robo ya mvua anaweza kujiuliza: “Giza lililopita, ndoo ngapi ziliharibika, na ziliharibikia wapi?” Jibu likiwa “mchangani, baada ya mvua ya usiku,” swali la mwezi unaofuata limeshapatikana: turubai litapatikana kwa nani?

Jumapili, baada ya kanisa, ni ukumbusho tu. Mistari mitatu kwenye daftari, au ujumbe anaojitumia kwenye simu: swali la mwezi huu ni lipi, wiki iliyopita nilifanya nini juu yake, wiki hii nifanye jambo gani moja. Asihesabu pesa siku hiyo. Akianza kuhesabu kila Jumapili, wiki mbaya moja itamfanya akwepe daftari lenyewe, na nadhani mipango mingi hufia hapo hata kabla pesa hazijaisha.

Ukumbusho uliokufa unajulikana. Jibu la Jumapili tatu mfululizo ni lilelile, kwa mfano “bado natafuta turubai.” Kumkumbusha zaidi hakutasaidia. Labda swali limemzidi uwezo, basi alipunguze: badala ya kununua turubai, amuulize jirani kama wanaweza kulichangia.

Kuna jambo ambalo daftari haliliwezi, nalo ni msiba. Ukitokea Julai ukachukua 900, asijaribu kuzirudisha wiki hiyo wala mwezi huo. Angoje mwisho wa robo. Agosti aangalie: zilizotimia ni 2,100 badala ya 3,000. Septemba hadi Novemba bado anaweza kuweka 3,000, jumla 5,100. Basi vichanja vinne viwe viwili, kwa kwacha 1,000, na mtaji ubaki 4,000 kamili, kwa kuwa bila mtaji huo atarudi kukopa Machi mosi. Kwacha 100 zilizozidi ziende kwenye turubai.