Kofia tatu katika duara moja

Kwa sikukuu ya watoto tuliharibu karatasi ngumu nne. Tulikata robo ya duara kwa macho tu. Mdomo wa kofia ukatoka karibu sentimeta 38, na kichwa cha mtoto ni 50. Ikagoma kuingia.

Basi tukaanza upya na hesabu. 50 tukaigawa kwa 6.28, tukapata nusu kipenyo cha 8. Toka ncha mpaka ukingo, kwa kufuata mteremko, tulitaka 24. Upinde wa kipande ndio unakuwa mdomo wa kofia, kwa hiyo pembe ni 360 × 8 ÷ 24 = digrii 120: theluthi ya duara.

Kupima pembe, kamba inatosha. Chora duara kwa kamba ya sentimeta 24, kisha tembeza kamba ileile kwenye ukingo: inaingia mara sita. Kila hatua mbili ni kofia moja.

Angalieni jambo moja: mkiacha ulimi wa gundi, mnakula kofia ya jirani. Sisi tunaunganisha kingo kwa ukanda wa karatasi, upande wa ndani. Duara moja, kofia tatu, hakuna kinachotupwa.