Kupiga Picha ya Nyumba ya Kuuzwa Jua Likishazama: Mada kwa Wapiga Picha na Madalali wa Musoma, Bunda na Butiama

Picha tunayoizungumzia ni ile ya nyumba iliyowashwa taa, madirisha yanang'aa, na anga nyuma yake ni ya buluu iliyokolea. Mafunzo mengi ya picha hii yametoka Ulaya, ambako jua huzama kwa mshazari na giza huchelewa. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu hushuka wima, na dakika 21 hivi baada ya kuzama, giza limeshaingia. Musoma jua huzama kama saa 12:30 jioni mwanzoni mwa Novemba, na kama saa 1:00 katikati ya Februari, kwa hiyo msikariri saa ileile kwa mwaka mzima.

Katika dakika hizo mwanga wa anga hupungua nusu kila baada ya dakika tatu hivi, ilhali mwanga wa balbu haubadiliki. Basi pimeni dirisha, siyo anga. Tuseme nyumba iko Makoko, ina kibaraza na madirisha manne ya mbele. Kamera iko juu ya stendi tangu kabla ya jua kuzama, f/8, ISO 100, na dirisha limekubali sekunde 1. Acheni vipimo hivyo hivyo, mpige kila dakika. Mwanzoni anga itatoka nyeupe kabisa. Kati ya dakika ya 12 na ya 16 baada ya jua kuzama itashuka hadi ilingane na dirisha, na ukuta bado utaonekana. Baadaye anga ni nyeusi, na madirisha yanaelea gizani bila nyumba. Mkipiga mkielekea mashariki anzeni mapema zaidi, maana upande huo hutangulia kuwa giza. Mkielekea machweo, subirini kidogo.

Kinachoharibu picha nyingi za kwetu ni balbu. Nyumba nyingi zina taa nyeupe, 6500K kwenye boksi, na dirisha lake hutoka na ubaridi uleule wa anga. Badilisheni vyumba vyote vya mbele viwe 3000K, ile tunayoiita taa ya njano. Balbu moja nyeupe ikibaki jikoni itaonekana mara moja. Fungueni mapazia mazito, acheni yale mepesi. Karibu na ziwa, taa ya kibarazani iwashwe mwisho kabisa, kwa sababu wadudu wa ziwani huifuata kwa wingi na kuacha ukungu kwenye picha.

Jioni huficha nyufa, rangi iliyobanduka na bati lenye kutu. Mnunuzi aliye Mwanza au ughaibuni anaweza kutuma malipo ya awali kwa kuiamini picha hii peke yake. Nawaomba kila tangazo liwe pia na picha ya mchana ya ukuta uleule, iliyopigwa kutoka palepale.