Zima Mashine, Kisha Nieleze

(Mazungumzo kwa wahudumu wa afya wa vijijini, Kenol)



Leo tumeonyesha slaidi juu ya mtoto anayeharisha. Ina mistari minne tu. Wa kwanza: koroga pakiti nzima ya ORS katika maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wa pili: mpe mtoto kila anapoharisha, kidogo kidogo. Wa tatu: mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14. Wa nne: akilegea, akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani au akitoa damu, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa, tukiuliza, “Mmeelewa?” mtajibu nyote, “Ndiyo!” Jibu hilo halituambii kitu. Hata aliyekuwa akisinzia pale nyuma anaweza kulisema. Tukiacha slaidi ukutani na kumwambia mtu aeleze, atatusomea. Huko ni kusoma, si kueleza. Kwa hiyo tunazima mashine, kisha tunasema: “Hebu nieleze kama unavyoweza kumweleza jirani yako mwenye mtoto mgonjwa. Nataka kujua kama nimefundisha vizuri.” Akitaka kusema Kikuyu, aseme. Maneno hayo ya mwisho yanamwondolea mtu aibu, maana anayepimwa ni mwalimu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaeleza hivi: “Chukua pakiti ya ORS, koroga kwa chupa ya soda ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mpe mtoto kwa kijiko, hiyo dawa itafunga tumbo. Mpe na zinki mpaka apone. Akizidiwa, nenda hospitali.”

Ukisikiliza haraka utasema, vizuri sana! Lakini msikilizaji ana karatasi yenye ile mistari minne. Hamkatizi, anaweka alama tu. Mahali pa sawa anaweka tiki, palipoachwa anaweka duara, palipokosewa msalaba.

Tuangalie. Maji yaliyochemshwa na kijiko, tiki. Chupa ya soda, msalaba: ile ndogo ya kioo ni mililita 300, na pakiti nyingi ni za mililita 500, nyingine za lita moja. Maji yakipungua, chumvi inazidi, na hiyo inaweza kumdhuru mtoto. “Itafunga tumbo,” msalaba tena. ORS haifungi tumbo. Inarudisha maji na chumvi zinazopotea. Mama aliyeambiwa itafunga, akiona mtoto bado anaharisha, ataimwaga asubuhi na kusema haifanyi kazi. Hapo ndipo mtoto anapokaukiwa. Zinki “mpaka apone,” msalaba wa tatu, kwa sababu siku zile zinamalizwa hata kuharisha kukikoma. Na dalili za hatari hakuzitaja. “Akizidiwa” si dalili, kwa hiyo hapo ni duara.

Kusahihisha kuna utaratibu wake. Anza na kosa linaloweza kudhuru upesi, yaani kipimo cha maji. Usirudie somo lote. Mpe pakiti mkononi, asome kipimo, achague chombo. Kisha mweleze jambo la pili, na la tatu. Yale ya duara, muulize kwanza: “Utajuaje kwamba amezidiwa?” Pengine anayajua, hakuyasema tu. Halafu, na hapa wengi wetu tunaacha mapema, aeleze tena yote tangu mwanzo. Mtu akisema “sawa, nimesikia” baada ya kusahihishwa, tumerudi palepale pa “ndiyo.”

Kuna jambo lingine. Watu watatu wakisema ORS inafunga tumbo, usiwalaumu. Angalia slaidi. Ile yetu inasema “mpe,” haisemi ORS inafanya nini, kwa hiyo kila mtu anajaza pengo hilo na anachokijua kuhusu dawa za kuharisha. Basi ongeza mstari: “ORS hurudisha maji mwilini; kuharisha kunaweza kuendelea.”

Njia hii ina mipaka yake pia. Anayeeleza vizuri leo anaweza kusahau baada ya wiki mbili, kwa hiyo muulize tena mtakapokutana. Kueleza si kutenda, ndiyo sababu tunataka akoroge mbele yetu. Na kama slaidi yenyewe ina kosa, atalirudisha hilo kosa vizuri kabisa, nawe utampa tiki. Mwenye karatasi lazima awe amehakikisha mistari yake na muuguzi kabla ya semina.

Sasa mgawanyike wawili wawili. Mmoja aeleze, mwingine ashike karatasi. Tunazima mashine.